Shajara ya mradi: chuma, salfa na asili ya asidi katika chupa nne

Kisumu, siku mbili kabla ya kuanza

Tumerudi kutoka Kaunti ya Migori tukiwa na chupa sita za tope na maji, zilizochotwa chini ya rundo la mabaki ya mgodi wa zamani. Mabaki hayo ni mawe yaliyosagwa yakawa kama unga wa kijivu, na ndani yake bado yamo madini ya pairaiti, yaani chuma na salfa vilivyoungana, FeS₂. Mahali ambapo mvua imepitisha maji kwenye rundo, kijito chembamba kinatoka kikiwa na rangi ya chai ya rangi, na kando zake zimepakwa utando wa rangi ya kutu. Karatasi ya kupimia ilionyesha pH iliyo chini kidogo ya 3. Mzee mwenye shamba la jirani alitutazama tukichota, kisha akasema, "Maji hayo, mwanangu, yanakula mabati ya ndoo. Ng'ombe wangu siwapeleki huko." Nilimwuliza kama hali huwa hivyo hata wakati wa kiangazi, naye akajibu kwamba maji hupungua lakini ukali wake huongezeka.

Swali la mradi huu ni moja. Tunataka kujua kama katika tope hilo wamo bakteria wanaoishi kwa kuoksidisha chuma na salfa, na kama wamo, tuonyeshe kwa vipimo vya kawaida ni kiasi gani cha nishati wanachopata kutoka kila kimoja, na asidi ile inatoka wapi. Viumbe wa aina hii huitwa kemolitotrofu, kwa maana kwamba nishati yao hutoka katika kemia ya vitu visivyo na uhai, wala si katika mwanga wala sukari. Aliyewatambua kwanza alikuwa Sergei Winogradsky, ambaye katika miaka ya 1880 alichunguza nyuzi za bakteria aitwaye *Beggiatoa* kwa hadubini. Aliona vipunje vya salfa vikijaa ndani yake palipokuwa na hidrojeni salfaidi, na vikitoweka gesi hiyo ilipokosekana, akafahamu kwamba kiumbe huyo alikuwa akichoma salfa kama sisi tuchomavyo wanga.

Siku ya 0

Chupa nne za koni za mililita 500 zimetayarishwa, kila moja ikiwa na mililita 200 za maji ya lishe. Maji hayo hayana sukari, hayana protini, hayana kitu chochote chenye asili ya mmea au mnyama. Yana chumvi za amonia, potasiamu, fosfeti, magnesiamu na kalisi kidogo tu, kwa kufuata mchanganyiko uitwao 9K ambao Silverman na Lundgren waliuchapisha mwaka 1959. Kaboni yote itabidi itoke katika hewa.

Chupa A na B zimewekwa salfeti ya chuma, FeSO₄·7H₂O, kwa kipimo cha gramu 44.2 kwa lita, ambayo ni moli 0.159 za chuma kwa lita, na pH ikarekebishwa kuwa 2.0 kwa asidi ya salfuriki. Chupa C na D hazina chuma. Kila moja imepewa gramu 1 ya unga wa salfa, na pH ni 3.0. Nimechagua gramu 1 kwa makusudi, kwa sababu idadi ya atomi za salfa katika gramu hiyo inakaribiana sana na idadi ya atomi za chuma katika chupa A: moli 0.031 kwa moli 0.032. Kwa hiyo ulinganisho utakuwa wa atomi kwa atomi.

A na C zimepandwa mililita 10 za maji ya tope lile. B na D zimepandwa maji yale yale baada ya kuchemshwa. Bila chupa hizi mbili za ulinganisho tusingekuwa na haki ya kusema lolote, kwa maana chuma hushika kutu chenyewe kikikutana na hewa, na mtu asiye na chupa B hawezi kutofautisha kazi ya bakteria na kazi ya oksijeni peke yake.

Ni lazima niandike pia makosa mawili yaliyotupotezea wiki nzima kabla ya leo. La kwanza ni kwamba niliweka chumvi zote pamoja na chuma ndani ya otoklevu, na maji yakatoka ya kahawia yenye mashapo, kwa sababu joto lilikuwa limekioksidisha chuma kabla hata ya kupanda. Sasa mmumunyo wa chuma unapitishwa kwenye chujio lenye matundu ya maikromita 0.2, kisha unaongezwa katika chumvi zilizokwisha kupoa. Kosa la pili lilihusu salfa. Salfa huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi za Selsiasi, ilhali otoklevu hufika 121. Nilipofungua mfuniko nilikuta unga wangu laini umekuwa donge gumu la manjano lililogandamana na kitako cha kioo, na donge la namna hiyo halina uso wa kutosha wa bakteria kushikamana nao. Njia iliyofaa ni kuupasha unga mvuke wa nyuzi 100 kwa saa moja, siku tatu mfululizo. Katika mapumziko ya siku moja hadi nyingine, mbegu za bakteria zilizonusurika huchipua, na mvuke wa kesho yake huziua.

Siku ya 5

Chuma kinapimwa hivi. Ninachukua mililita 5 kutoka kwenye chupa, ninaongeza asidi ya salfuriki, kisha ninadondosha pamanganeti ya potasiamu ya 0.02 M kutoka kwenye bureti. Kila tone la zambarau hupotea linapokutana na Fe²⁺, yaani chuma ambacho bado hakijaoksidishwa, hadi Fe²⁺ inapokwisha na tone moja la ziada linabaki likiwa na rangi ya waridi. Hesabu yake ni rahisi, kwani chembe moja ya pamanganeti hula tano za chuma:

```
MnO4⁻ + 5 Fe²⁺ + 8 H⁺ → Mn²⁺ + 5 Fe³⁺ + 4 H2O
```

Siku ya 0 chupa zote mbili zilihitaji mililita 7.9, jambo linaloafikiana na moli 0.159 kwa lita. Leo A imehitaji 7.7 na B 7.9. Tofauti ya mililita 0.2 ni ndogo mno kushangiliwa. Chupa C na D hazijabadilika. Unga wa salfa bado unaelea juu ya maji kama vumbi, kwa kuwa salfa hailowi.

Siku ya 8

A: mililita 6.9, pH 2.1. B: 7.9, pH 2.0. Maji ya A yameanza kuwa na rangi ya kaharabu hafifu.

Rangi hiyo ya Fe³⁺ imeanza kuficha mwisho wa kipimo, maana waridi juu ya manjano huonekana kama chungwa. Mwenzangu wa maabara alinikumbusha kuongeza asidi ya fosfori kidogo kabla ya kudondosha, kwani fosfeti huishika Fe³⁺ na kuiondolea rangi. Baada ya hapo mwisho ukaonekana wazi.

Siku ya 10

A imeshuka hadi mililita 4.6. Chuma kilichokwisha kuoksidishwa ni sawa na mililita 0.2 siku ya 5, 1.0 siku ya 8, na 3.3 leo. Kiasi hicho kinajizidisha maradufu kila baada ya saa 28 hadi 31. Mwendo wa namna hii ndio unaotofautisha kitu kinachozaana na kutu ya kawaida. Kutu ya kawaida ingepungua kasi kadiri Fe²⁺ inavyopungua, ilhali hapa kasi inaongezeka huku chakula kikiisha, kwa sababu walaji wanazidi kuwa wengi.

B bado iko kwenye 7.9. Jambo hili linafaa kuelezwa, kwa sababu wengi huamini kwamba chuma hushika kutu upesi popote penye hewa na maji. Katika maji yasiyo na asidi, yaani pH 7 hivi, Fe²⁺ huoksidika yenyewe kwa dakika chache. Lakini pH ikishuka chini ya 3.5 au hivyo, oksijeni peke yake hufanya kazi hiyo polepole mno, na utafiti wa Singer na Stumm wa mwaka 1970 ulionyesha kwamba vijidudu huweza kuiharakisha kwa takriban mara milioni moja. Ndiyo maana asidi, ambayo kwetu ni adha, kwa bakteria hawa ni ulinzi wa chakula chao: Fe²⁺ hubaki majini ikiwasubiri bila kuporwa na oksijeni. Jamaa zao wanaoishi kwenye maji ya kawaida, kama *Gallionella* afanyaye utando wa rangi ya chungwa kwenye mitaro na chemchemi, hawana ulinzi huo. Hao hulazimika kukaa pale ambapo oksijeni ni haba, ili wawahi chuma kabla hakijajigeuza chenyewe.

Siku ya 11

A: mililita 2.7, pH 2.4.

Nitaeleza kipimo hiki cha pH kwa kirefu, kwa kuwa ndicho kilichonifanya nibadili nilivyokuwa nikiufikiria mradi wote. Nilipokwenda Migori niliamini, kama wengi wanavyoandika, kwamba bakteria wa chuma "hutoa asidi". Lakini katika chupa hii asidi imepungua, kwani pH imepanda kutoka 2.0 hadi 2.4 wakati ule ule ambao wanafanya kazi kwa nguvu zaidi. Mlinganyo wa kazi yao unaeleza sababu:

```
4 Fe²⁺ + O2 + 4 H⁺ → 4 Fe³⁺ + 2 H2O
```

Kila atomi ya chuma inayooksidishwa humeza protoni moja, yaani H⁺ moja kati ya zile zinazoyafanya maji kuwa asidi. Mahali protoni hiyo inapomezwa ndipo ilipo siri ya uhai wao. Katika bakteria aliyechunguzwa kuliko wote, *Acidithiobacillus ferrooxidans*, chuma hakiingii ndani ya seli hata kidogo. Elektroni yake hunyakuliwa kwenye utando wa nje na sitokromu, protini ya kubeba elektroni, iitwayo Cyc2, hupokewa na protini ya buluu yenye shaba iitwayo rustisianini, kisha hupita katika sitokromu nyingine hadi kwenye kimeng'enya kilicho katika utando wa ndani, ambacho huikabidhi kwa oksijeni. Oksijeni ikipokea elektroni huchukua protoni kutoka upande wa ndani wa seli, na maji yanatokea.

Sasa fikiria hali ya seli yenyewe. Nje ni pH 2, ndani ni karibu 6.5, kwa hiyo nje kuna protoni zaidi ya mara elfu ishirini kuliko ndani, na zote zinasukumana kuingia. Zikiingia kupitia kinu cha ATP, kinu huzunguka na ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, hutengenezwa. Mtu angeweza kusema kwamba basi bakteria huyu anapata nishati ya bure kutokana na asidi iliyomzunguka. Si hivyo. Kila protoni inayoingia ni lazima iondolewe, la sivyo ndani kungekuwa asidi kama nje na seli ingekufa upesi. Elektroni za chuma ndizo zinazoziondoa, kwa kuzigeuza maji. Chuma kikikoma, kinu nacho hakina budi kusimama.

Siku ya 12

A: mililita 0.9, pH 2.3. Imeanza kushuka tena. Pale maji yanapogusana na kioo pameota ukoko wa manjano kama ute wa yai uliokauka, mgumu kiasi kwamba ukucha haukwangui.

Siku ya 14

A: tone moja tu la pamanganeti lilitosha, na rangi ya waridi ikabaki. Fe²⁺ imekwisha. pH ni 2.1. B imehitaji mililita 7.8.

Ukoko ule ni jarosaiti, chumvi ya Fe³⁺ pamoja na salfeti na potasiamu. Fe³⁺ haitulii majini kama Fe²⁺. Huvunja molekuli za maji, huchukua sehemu ya hidroksidi na kuacha protoni:

```
3 Fe³⁺ + K⁺ + 2 SO4²⁻ + 6 H2O → KFe3(SO4)2(OH)6 + 6 H⁺
```

Asidi ya baadaye inatoka hapo, na si mwilini mwa bakteria. Kwanza wanameza protoni, kisha Fe³⁺ waliyoiacha inazirudisha. Katika chupa hizi mwendo wa kupanda kisha kushuka kwa pH ni dalili nzuri kuliko rangi, na nimeanza kuutumia kama kipimo cha haraka kabla ya kugusa bureti.

Chini ya hadubini tumeona vijiti vifupi vyenye urefu wa maikromita moja na zaidi kidogo, vingine vikitembea. Lakini maji hayana ukungu wowote wa seli kama unaouona katika mchuzi wa bakteria wa kawaida, na mwenzangu aliuliza kama kweli kuna kitu kilichokua. Jibu limo katika hesabu. Atomi za moli moja ya chuma hutoa takriban kilojuli 33 tu katika hali hii, hivyo chupa nzima A, yenye moli 0.032, imetoa kilojuli 1 hivi. ATP moja katika seli hai hugharimu karibu kilojuli 50 kwa moli, kwa hiyo elektroni moja ya chuma haitoshi hata ATP moja.

Gharama kubwa zaidi ni ya kujenga mwili. Ili kuigeuza kaboni dioksidi kuwa sukari, seli huhitaji NADPH, molekuli inayobeba elektroni za kujengea, na elektroni za NADPH zinakaa juu sana katika ngazi ya nishati, kwenye volti −0.32, ilhali elektroni za chuma ziko chini kwenye +0.77. Bakteria hana chanzo kingine cha elektroni, basi hulazimika kuzipandisha hizo hizo za chuma kwa nguvu, kama mtu achotaye maji bondeni na kuyabeba kichwani hadi mlimani. Kupandisha moja hugharimu karibu kilojuli 105 kwa moli, yaani nyingine zaidi ya tatu zianguke ili moja ipande. Kila molekuli ya kaboni dioksidi inahitaji elektroni nne za namna hiyo pamoja na ATP tatu. Nimekadiria kilojuli 570, ambazo ni sawa na atomi 17 za chuma kwa kila atomi moja ya kaboni, kama hakuna nishati hata kidogo inayopotea, na katika seli halisi hupotea nyingi. Ndiyo sababu gramu karibu mbili za chuma zimeisha na sisi tumebakiwa na miligramu chache za bakteria.

Siku ya 21

Salfa ya chupa C, ambayo kwa wiki ya kwanza ilielea kama vumbi, imezama yote. Ya chupa D bado inaelea. Bakteria wanaposhika uso wa salfa huufanya ulowe, na hii ni dalili ambayo mtu huiona kwa macho bila kifaa. Maji ya C yana ukungu.

pH ya C ni 1.9 na ya D ni 3.0. Hata hivyo pH peke yake hupotosha hapa, kwa kuwa salfeti iliyomo katika chumvi za lishe huzishika protoni na kuficha sehemu ya asidi. Nimepima asidi yote kwa sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M, nikitumia methaili ya chungwa kama kiashiria: mililita 10 za C zimehitaji 3.4, za D 0.1. Tofauti ya 3.3 ni sawa na moli 0.033 za protoni kwa lita, nusu yake ni asidi ya salfuriki:

```
2 S + 3 O2 + 2 H2O → 2 H2SO4
```

Katika mililita 200 hiyo ni moli 0.0033, yaani gramu 0.106 za salfa. Ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya unga niliouweka. Lakini kila moli ya salfa inapofika hadi salfeti hutoa karibu kilojuli 587, kwa kuwa atomi moja huachilia elektroni sita, na kila moja huanguka kutoka juu zaidi kuliko elektroni ya chuma. Chupa C imetoa kilojuli 1.9. Sehemu ya kumi ya salfa imezalisha nishati karibu maradufu ya chuma chote cha chupa A, na hapo ukungu wa seli unaeleweka. Tena hapa asidi inatoka kwenye kazi ya bakteria wenyewe, tofauti na chuma.

Mtu akitaka kurudia jaribio hili asitumie thaiosalfeti badala ya unga akiwa na pH ya chini. Thaiosalfeti katika asidi huvunjika yenyewe na kutoa salfa laini inayofanya maji kuwa kama maziwa, na maziwa hayo hufanana kabisa na ukuaji wa bakteria.

Siku ya 24

Siku tatu zilizopita nilimwaga mililita 20 za A katika chuma kipya. Ndani ya siku tatu kasoro kidogo chuma chote kilikwisha. Wiki ya kwanza ya ukimya katika jaribio la awali ilikuwa ni kwa sababu ya uchache wao katika tope.

Tulijaribu pia kuwakuza juu ya agari ili tupate koloni za aina moja. Hakuna kilichoota. Agari katika asidi huvunjika na kuachilia sukari, na bakteria hawa, ambao hawana haja na sukari, hudhurika nayo.

Siku ya 41

Lilikuwa limebaki swali la nani hasa yumo katika chupa A. Vijiti vilivyonyooka huelekeza kwa *Acidithiobacillus*, lakini pia kuna *Leptospirillum*, ambaye amepinda kidogo na huishi kwa chuma peke yake. Umbo si ushahidi wa kutosha. Siku ya 27 tulihamisha matone ya maji yenye bakteria wa A, waliokwisha kupita katika chuma kipya mara mbili, tukayatia kwenye chupa yenye salfa bila chuma. *Leptospirillum* asingeweza kukua humo.

Leo, baada ya siku 14, salfa imezama na mililita 10 zimehitaji 1.6 za haidroksaidi, dhidi ya 0.1 ya chupa isiyopandwa. Kwa hiyo katika A yumo angalau bakteria mmoja awezaye kuoksidisha salfa baada ya kuwa amekuzwa kwa chuma. Hilo halimfuti *Leptospirillum*, ambaye anaweza kuwa aliishi naye bega kwa bega kwenye chuma na kuachwa nyuma kwenye salfa, wala halizuii kuwamo kwa bakteria wa salfa tupu aliyenusurika uhamisho mara mbili bila kukua. Ili kuwatenganisha tumeanza leo mfululizo wa kuzimua, mara kumi kwa kila hatua hadi hatua ya tisa, mirija mitatu kwa kila hatua, yote kwenye chuma. Mrija wa mwisho utakaobadilika rangi, ambao huenda ulianzishwa na seli moja, ndio utakaopelekwa kwenye salfa. Mirija iko kwenye rafu karibu na dirisha, na hadi jioni hii yote ina rangi ya kijani hafifu ya Fe²⁺.